Mpaka Masikio ya Afande Yafunguke

Evas Kabugho alifungua duka lake la dawa Bwera, kando ya barabara ya mpakani, milango minne kutoka kwa mtu aliyemwua dada yake. Haikutokea kwa bahati. Alikuwa na cheti cha uuguzi na leseni, na angeweza kufungua Kasese mjini, kule Nyamwamba alikozaliwa, ambako wateja wangemjua tangu siku ya kwanza. Badala yake alizunguka Bwera wiki mbili akitafuta chumba. Alionyeshwa vitatu, akakataa viwili vilivyokuwa vizuri zaidi, kwa sababu kutoka ndani yake mlango wa Benon Mugume haukuonekana.

Benon waliyekuwa wakimwita Afande hakuwa na cheti chochote. Aliwahi kufua bandeji miaka miwili katika zahanati ya kambi ya jeshi, akatoka huko na sauti ya kuamuru na mkoba wa sindano. Watu walimpenda. Alikuja nyumbani kwa mgonjwa bila kuchelewa, hakuuliza maswali mengi, na kila ugonjwa aliujua jina kabla mgonjwa hajamaliza kuueleza.

Nyumbani kwa kina Evas alikuja mwezi wa nane mwaka 2013. Night, dada yake mdogo, alikuwa na miaka ishirini na mimba ya miezi mitano, na malaria ilikuwa imemlaza. Afande alining'iniza dripu ya kwinini kwenye msumari wa kalenda. Alitumia maji ya chumvi, na akaifungua ikatiririka mpaka ikaisha kabla saa moja haijapita, kwa kuwa alikuwa na wagonjwa wengine. Jioni akatundika ya pili, vilevile. Night akasema masikio yanalia kama mashine ya kusaga. Asubuhi alikuwa ameloa jasho, anatetemeka, anamwita mama yao kwa jina la jirani.

Mama yao, Erina, akakimbia kumtafuta Afande. Alimkuta anakula. Hakuinuka.

"Masikio kulia ni dawa inafanya kazi," akamwambia. "Jasho ni homa inatoka. Rudi, mlaze."

Erina akarudi, akamlaza. Kabla ya saa sita mchana Night alikuwa amekufa. Wiki hiyohiyo Afande alihamia Bwera.

Evas alipokwenda kusomea uuguzi ndipo alipoelezwa, darasani, katikati ya wanafunzi wengine waliokuwa wakiandika tu kama somo lolote, kwamba kwinini ya mshipani ilipaswa kutiririka polepole kwa saa nne, ndani ya maji yenye sukari. Dawa hiyo hushusha sukari ya damu, na kwa wajawazito huishusha zaidi. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa kwa Night hakukuwa homa inayotoka. Ilikuwa sukari imekwisha. Alinakili maneno ya mwalimu yote, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Tangu afungue duka Bwera alikuwa na daftari la pili, mbali na lile la kazi. Humo aliandika kila aliyeingia mlango wa Afande na kila aliyetoka: tarehe, saa, jina kama analijua, nguo kama halijui. Mara mbili alipeleka taarifa kwa wakaguzi wa dawa. Mara zote mbili walipofika walikuta kitanda, benchi na gunia la kahawa. Dawa zilikuwa ndani ya gunia, chini ya kahawa, lakini hakuna aliyeingiza mkono.

Alikuwa na maneno pia, aliyoyaandaa kumwambia Afande siku moja. Hayakuwa mengi. Jina la Night, tarehe, yale Afande aliyomwambia mama yake, na kijiko kimoja cha sukari kingefanya nini. Aliyarudia kila asubuhi akifagia mbele ya duka, bila kutoa sauti. Hakuwa ameyasema kwa sababu moja tu: Afande angecheka, angeondoka. Alitaka kuyasema mahali ambapo mtu huyo hawezi kuondoka.

Mambo ya kwinini aliendelea kuyakuta. Mwezi wa tano mwaka jana alikuja Mzee Yosamu, mkulima wa mihogo, ambaye malaria ilimrudia baada ya dawa ya kwanza, na hospitali ikampa vidonge vya kwinini vya siku saba. Ilikuwa siku yake ya tatu.

"Musawo," alisema, kama watu wa huko wanavyomwita daktari au muuguzi, "iko senene mu masikio yangu, panzi ya usiku, inalia."

"Wangapi?"

"Mingi. Na bibi yangu anaongea, mimi naona mdomo tu."

"Hiyo ya bibi si ugonjwa, mzee. Hiyo ni mapumziko."

Yosamu alicheka, kisha akauliza kama aache dawa. Evas akamtazama machoni, akamshika mshipa wa mkono akihesabu kwa saa yake, akahesabu vidonge vilivyobaki. Vilikuwa sawasawa na alivyoandikiwa.

"Usiache," alisema, akisogea karibu na sikio la mzee. "Kwinini inajulikana kwa hilo. Masikio yanalia, sauti zinakuja kama uko ndani ya maji, kichwa kinauma kidogo. Ukimaliza dawa, siku chache yanarudi. Ukiacha katikati, malaria itarudi na nguvu. Lakini nisikilize hapa. Macho yakianza kuona ukungu, moyo ukiruka, ukianguka ukisimama, ukitoka jasho na kutetemeka, ukitoka madoa ya damu kwenye ngozi, mkojo ukiwa mweusi, au masikio yakiziba kabisa, usimeze kingine. Unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama dawa imekwisha na senene hawajaondoka baada ya wiki, unarudi tupime."

"Macho, moyo, kuanguka, jasho, damu, mkojo, kuziba kabisa," Yosamu alirudia akihesabu kwa vidole. "Senene peke yake, navumilia."

"Senene peke yake, vumilia."

Alipotoka, mzee alipita mbele ya mlango wa Afande, na Afande akamwita kutoka kwenye benchi. "Yosamu, huyo sista anakutisha na nini? Masikio kulia ni dawa inafanya kazi."

Evas alisikia. Miaka kumi na moja, na maneno hayakubadilika hata moja. Aliandika kwenye daftari la pili, saa nne na dakika ishirini.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, Afande mwenyewe aliletwa dukani. Mkewe, Ronah, alikuwa amemshika shati mgongoni kama mtu anayeongoza ng'ombe. Afande alitembea akinyoosha mkono mbele.

"Musawo, nisaidie," Ronah alisema. "Jana amemimina chai mezani, anadhani iko kikombe. Asubuhi ameanguka akitoka kitandani. Hospitali hataki. Anasema atachekwa."

"Mimi sina kitu," Afande alisema kwa kelele, kwa maana hakuweza kujisikia. "Ni malaria kidogo, nimemeza dawa yangu. Masikio tu ndiyo yanalia."

Evas akamkalisha. Mshipa wa mkono ulikwenda, ukasita, ukaruka, ukakimbia. Shati lilikuwa limeloa. Akamtoboa kidole kupima sukari, na kipimo kikaonyesha mbili nukta tatu, chini mno.

"Amemeza nini?" alimuuliza Ronah.

Ronah alitoa kopo kwenye mfuko. Lilikuwa limetoka ng'ambo, Kongo, siku ya soko, na maandishi yake yalikuwa ya Kifaransa. Evas hakujua Kifaransa, lakini namba hazihitaji lugha. Kidonge kimoja kilikuwa miligramu mia tano.

"Anameza vingapi?"

"Mbili, mara tatu kwa siku. Kama siku zote. Nilimwambia hizi ni kubwa, akasema Wakongo wanapenda vitu vikubwa. Leo ni siku ya tano."

Kwa miaka thelathini Afande alikuwa ameuza vidonge vya mia tatu, na kwa miaka thelathini aliwaambia watu mbili mara tatu. Hakuwa amesoma kopo jipya, kwa sababu hakuwa na desturi ya kusoma makopo. Badala ya elfu moja na mia nane kwa siku, alikuwa akijimezesha elfu tatu. Siku ya pili masikio yalipolia, alifurahi. Yalipoziba, alijua dawa imekolea.

Akainamisha kichwa kuelekea mahali alipodhani Evas amesimama.

"Mwambie huyu mwanamke," alisema kwa kelele ileile. "Masikio kulia ni dawa inafanya kazi. Siyo, Musawo?"

Nje mtu wa boda alikuwa anapigapiga tairi kwa mguu. Evas alikuwa na madaftari mawili mezani na kipimo mkononi, na aliona wazi kwamba hakuhitaji kusema chochote. Hakuhitaji hata kudanganya kwa mdomo. Kuitikia kwa kichwa mara moja tu, na Ronah angemrudisha mumewe nyumbani, angemlaza. Kabla ya saa sita mchana ingekuwa imekwisha. Kopo lingeonyesha alijiua mwenyewe. Hakuna ambaye angeuliza.

Shingo yake ilianza kushuka. Hilo alilikumbuka baadaye, na hakulikana.

Kilichoizuia si huruma. Ni kwamba alimtazama mtu huyo, kichwa kimeinama, masikio yamejaa kelele, na akaona kwamba akifa leo atakufa bila kusikia neno hata moja. Maneno yote ya miaka kumi na moja yangebaki kwenye duka hili, yakizunguka na ufagio. Masikio yake yalikuwa yamefungwa, na Evas, kuliko mtu yeyote katika barabara hiyo, alijua kwamba masikio ya kwinini mara nyingi hufunguka. Ila mtu lazima awe hai.

Alikoroga vijiko vinne vya glukosi katika kikombe cha maji.

"Kunywa," alisema. Afande hakusikia. Akamsukumia kikombe mdomoni, akamshika kisogo kwa mkono wa pili, bila upole. "Kunywa, afande. Amri."

Alikunywa chote. Baada ya robo saa kutetemeka kulipungua, akauliza kwa nini duka ni giza. Ronah akaanza kulia.

"Sukari itashuka tena," Evas alimwambia Ronah. "Dawa bado imo mwilini, itaendelea kuivuta. Hospitali sasa hivi. Si kwa boda, ataanguka."

Jirani mwenye gari, Kosmasi, aliwashusha abiria wawili na kuwapakia wao. Evas alifunga duka, akaandika barua ya rufaa akiwa ameketi kiti cha mbele, na mwandiko wake haukutetemeka hata palipo na mashimo: jina, kidonge cha miligramu mia tano, mbili mara tatu, siku ya tano, sukari mbili nukta tatu, glukosi vijiko vinne saa tatu na nusu, mapigo ya moyo hayako sawa, haoni vizuri, hasikii. Mwisho akaongeza mstari: dawa amejipa mwenyewe, naye huwapa wengine, hana leseni.

Pale hospitali aliyewapokea alikuwa Davis Byaruhanga, tabibu kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisoma barua mara mbili. Akaagiza dripu yenye sukari, akabandika waya kifuani mwa Afande kuusoma moyo, akamnywesha mkaa wa kunasa sumu uliokorogwa, mweusi kama lami, na akaagiza unyweshwe tena na tena. Malaria iliyobaki angeimaliza kwa sindano ya dawa nyingine, si kwinini.

"Mmewahi," alisema. "Huu moyo haukuwa na siku nyingine."

"Masikio?" Evas aliuliza.

"Masikio yatarudi, nadhani. Siku chache, pengine wiki. Macho ndiyo sijui. Kwinini ikiingia machoni kwa wingi hivi, wengine huona tena katikati tu, kama kupitia bomba."

"Masikio siku ngapi hasa?"

Davis alimtazama. "Wote huuliza macho. Wewe ni nani kwake?"

"Jirani."

Kisha Davis akauliza swali lililokuwa limebaki: nani mwingine amepewa vidonge vya kopo lile. Ronah alisema mumewe hajawahi kuandika. Alikumbuka tu kwamba kopo lilifunguliwa Ijumaa, baada ya soko.

Evas akatoa daftari la pili kwenye mkoba, akaliweka mezani, akafungua ukurasa wa Ijumaa. Watu kumi na tisa tangu siku ile. Majina kumi na mawili. Saba nguo tu: mwanamke wa gomesi ya zambarau, mwendesha boda mwenye jaketi la kijani, msichana aliyekuwa akilia. Davis alipindua kurasa nyuma, akaona mwezi, akaona mwaka, akaacha kupindua.

"Jirani," alisema.

"Piga simu kwa watu wa afya wa vijiji," Evas alimjibu. "Nitakusomea."

Mpaka jioni kumi na wanne walikuwa wamepatikana. Kumi hawakuwa hata na malaria wala hawakupewa kwinini. Watatu walikuwa wamemeza vya siku moja au mbili na walikuwa na senene masikioni, basi. Wakanyang'anywa vidonge, wakapimwa, wakapewa dawa sahihi, na Evas akawaambia senene wataondoka wenyewe. Wa kumi na nne, mwanamke wa gomesi ya zambarau, walimkuta kitandani ameloa jasho, akimwita mwanawe kwa jina la mtu mwingine. Alikuwa mjamzito. Aliletwa hospitali kwa gari la Kosmasi, sukari ikapandishwa, akapona yeye na mimba yake. Siku iliyofuata walipatikana watatu zaidi, wazima. Wawili walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Kongo, na habari zao hazikujulikana tena. Mbele ya nguo zao Evas aliacha nafasi tupu, na bado iko tupu.

Siku ya sita wakaguzi walikuja Bwera. Safari hii walimimina gunia la kahawa barabarani.

Evas alikwenda hospitali kila mchana. Watu wa wodi walidhani ni ndugu. Alisimama nyuma ya kitanda, mahali Afande asipomwona, akataja namba kwa sauti ya chini. Siku ya tatu, hakuna. Siku ya tano kijiko cha mgonjwa mwingine kilianguka sakafuni, na Afande akageuza kichwa. Siku ya saba alisema, "Nani anahesabu?" Siku ya nane Evas alinong'ona, "Arobaini na mbili, sita, kumi na tisa," na Afande, akitazama ukutani, akarudia zote tatu bila kukosea.

Siku ya tisa Evas alivaa nguo yake ya kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Alivuta kiti mbele ya kitanda, katika kale kaduara Afande alikobakiwa nako machoni, ili amwone. Ronah alikuwa ameketi upande wa pili akimenya ndizi.

Aliyasema yote. Jina, tarehe, dripu mbili, maji ya chumvi, jasho. "Mama yangu alikukuta unakula. Ukamwambia masikio kulia ni dawa inafanya kazi, rudi, mlaze. Kijiko kimoja cha sukari kingemrudisha, kama nilivyokupa wewe vinne." Yalichukua muda mfupi kuliko alivyotarajia.

Ronah aliacha kumenya.

"Simjui Night," Afande alisema. "Nimetibu watu wengi."

"Dripu ulitundika kwenye msumari wa kalenda."

Vidole vyake vilianza kukunja pindo la shuka.

"Mama mwenye kitenge cha kijani," alisema mwishowe. "Alikuja miguu mitupu."

"Huyo."

"Nilidhani dawa inafanya kazi."

"Hata Jumanne ile ulidhani hivyo."

"Jumanne ile nilikuuliza." Alimtafuta kwa macho, akampata. "Kulikuwa na ukungu, lakini niliona kichwa chako. Kilianza kushuka. Mbona hukumalizia?"

"Ungekufa hujasikia."

Ronah alisema taratibu, "Musawo, basi, inatosha. Ameshasikia."

"Amenisikia mimi," Evas alisema.

Alitoa simu, akapiga Nyamwamba. Ilipopokelewa alisema kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, kwamba mtu yuko hapa, na kwamba sikio la kushoto ndilo zuri zaidi. Kisha akainuka, akaiweka simu kwenye sikio la kushoto la Afande. Sauti ya Erina, mama yake Evas, ilianza mara moja, ndogo, ya mzee, bila kupanda. Afande aliinua mkono kuisukuma simu. Evas akaurudisha mkono ule kitandani, akaikandamiza simu.

"Sikiliza," alisema.

Muuguzi alikuja na trei ya dawa, akaona, akangoja mlangoni. Erina aliendelea. Hakuna aliyejua anasema nini ila yule aliyekuwa akisikia. Evas alikuwa ameketi tena, mkono mmoja bado umeshika simu, daftari wazi kwenye magoti, kalamu katika mkono wa pili, tarehe na saa vimeshaandikwa juu, na hakuandika kingine.